Kungoja Kitenzi cha Bawaba

Dada yangu alikuwa anawinda kitenzi. Najua inasikika kama kichekesho, na mimi mwenyewe nilimcheka mara moja, jikoni, akanitazama kwa jicho lililonifanya nirudi kuosha masufuria kwa adabu. Alitaka mumewe aseme sentensi moja yenye kitenzi ndani yake. Ya urefu wowote, hata maneno mawili.

Mumewe ni seremala. Watu wote humwita Fundi, na hata mimi, ambaye ni shemeji yake, sikumbuki siku niliyomwita kitu kingine. Kiharusi kilimkuta karakanani, ameshika randa, akaanguka juu ya vumbi la mbao. Hospitali walimrudishia uhai, na mguu nao ukarudi pole pole, lakini mkono wa kulia ulibaki mzito na maneno yalibaki yamechanganyika. Akitaka kijiko anasema "kiatu." Akitaka maji anasema "meza." Akisikia neno lilivyotoka, anatikisa kichwa, anafumba macho, anajaribu tena, na likikataa anapiga goti lake kwa ngumi ya kushoto. Nilihamia kwao na cherehani yangu ili dada aweze kwenda kazini, maana yeye ni mwalimu wa Kiswahili sekondari, na shule haikungojei umalize matatizo.

Kiatu na meza tungevizoea. Kilichomnyima dada usingizi ni kwamba mumewe alikuwa anamwita bawaba.

"Bawaba," Fundi anasema dada akiingia kutoka shuleni. "Bawaba," dada akimnyanyua kitandani. Bawaba ni kile kichuma cha kushikilia mlango kwenye fremu, kila mtu anakijua, hasa asubuhi kikilia kwii watu wamelala. Ndoa yote ile, karakana kwa karakana, chumba cha kupanga mpaka nyumba yao wenyewe, halafu mtu anakuita kichuma cha mlangoni.

"Hanijui tena," dada aliniambia. Tulikuwa tunakunja nguo. "Anaona sura inaingia na kutoka, anatafuta jina, anapata chuma."

"Mimi ananiita msumeno," nikamwambia. "Na hapo naona akili yake iko sawasawa."

Hakucheka. Aliendelea kukunja shuka ile ile iliyokwisha kukunjwa.

Daktari alituambia maneno ya kawaida ya madaktari, kwamba huenda akapona na huenda pia asipone. Mtaalamu wa usemi alisema tumpe muda, tusimkatize, tusimsemee. Lakini kuna mtu hakuwa na muda wa kutupa. Kaka mkubwa wa Fundi alipiga simu siku ya Jumatatu, na kwa kuwa dada alikuwa anamlisha mumewe, simu niliiweka sauti ya nje.

"Shemeji," alisema, "mimi simlaumu mtu. Umefanya yako. Lakini mtu anayemwita mkewe bawaba, huyo ameshaondoka. Amebaki mwili. Mwache aje kwangu, tuko wengi, kuna uwanja, atakaa kivulini. Wewe unaenda shule, huyu unamwacha na mshonaji. Jumamosi nakuja na gari."

Mshonaji alikuwa amekaa pale pale, lakini nilijizuia.

"Kaka, tungoje kidogo," dada akasema.

"Tungoje nini? Angekuwa anakujua, ningesema neno gani? Ningekaa kimya. Lakini hakujui."

Nilimtazama Fundi. Alikuwa amesikia kila kitu, macho kwenye simu, uji ukimtiririka kidevuni, akasema kwa nguvu, "Mafuta!" Kisha tena, akinitazama mimi, "Msumeno! Mafuta!"

Nikaleta mafuta ya kumkanda, kama nilivyofanya wiki nzima, maana neno hilo lilikuwa halimwishi mdomoni. Nikamkanda mkono, nikamkanda bega. Akanipiga kikumbo na bega hilo hilo. Nikamtaka radhi, ingawa mpaka leo naamini mimi ndiye niliyestahili kutakwa radhi.

Jambo la kitenzi nililielewa Jumatano. Dada alisahau miwani nyumbani, nikampelekea shuleni, Fundi nimemwacha na jirani. Darasa lake liko mwisho wa veranda, madirisha hayana vioo, ukisimama nje unasikia kila kitu. Nilimkuta ameandika ubeti ubaoni, nikakaa kwenye ngazi ningoje amalize. Ubeti wenyewe ulikuwa huu:

Mvua yangu kafika, shamba langu li tayari,
Mbegu nilizozizika, zote zangoja habari,
Vumbi lililoniruka, latulia kwa hiari,
Mwavuli nimeuweka, ninyeshee bila shari.

Nikaujua. Aliutunga yeye, zamani, enzi Fundi akija kumwona kwetu na kuchelewa kila mara. Wanafunzi hawakuambiwa.

"Nani anayesemwa hapa?" aliuliza.

"Mvua," wakaitikia wengi.

"Mvua ya wingu?"

Msichana wa mbele akasema, "Mtu, mwalimu. Mpenzi."

Darasa likachangamka, kama unavyoweza kufikiria. Dada akawaacha wacheke.

"Umejuaje? Neno mpenzi halimo."

"Mvua ya kweli haiwezi kuwa yangu. Na nani anaweka mwavuli pembeni mvua ikifika?"

"Vizuri. Ukiichukua sentensi kama ilivyo, inakataa. Haiingii akilini. Kwa hiyo unaacha kuichukua kama ilivyo, unatafuta njia nyingine. Hapo ndipo istiari inapoanzia." Akaandika vitu vitatu, kimoja chini ya kingine, na nilisikia chaki ikigonga. Kuna kinachosemwa, yaani mpenzi. Kuna kilichoazimwa ili kumsemea, yaani mvua. Na kuna kile wanachoshirikiana, ambacho mshairi hakukitaja, na msomaji ndiye anayepaswa kukipata.

"Mvua ina mangapi?" akauliza. Wakamtajia: inalowesha, inaotesha, ina baridi, inaleta matope, inabomoa nyumba, inachelewesha watu. "Yote hayo yanavuka kwenda kwa mpenzi?"

"Hapana."

"Nani anayachagua?"

Mimi kule ngazini nilijibu kimoyomoyo kwamba mshairi, nikakosea.

"Maneno jirani," dada akasema. "Tazameni. Shamba, mbegu, vumbi. Hayo ndiyo yanayoruhusu kuotesha na kutuliza kupita, na kuyazuia matope. Sasa ondoa shamba, andika: mvua yangu kafika, paa langu linavuja. Mvua ni ile ile. Lakini huyo sasa si mpenzi. Huyo ni mgeni aliyekuja bila taarifa na mabegi manne."

Waliangua kicheko. Mvulana mmoja akauliza kwa nini mshairi asiseme tu mpenzi wangu ni kama mvua, watu waelewe.

"Hiyo ni tashbihi, nayo ina kazi yake. Neno kama linaweka vitu viwili kando kwa kando, kila kimoja kwenye kiti chake. Unavilinganisha, unarudi nyumbani. Istiari haikupi viti viwili. Inakwambia mtu huyu ni mvua, basi umtazame kupitia mvua mpaka uone kitu ambacho jina lake la kawaida lilikuwa limekuficha. Na kuna zilizokufa. Mguu wa meza. Mdomo wa chupa. Mkono wa shati. Zamani mtu fulani aliona mkono mahali pasipo na mkono. Leo hakuna anayeona, ni jina tu."

Mimi ninayeshona mikono ya mashati kila siku nilitazama vidole vyangu.

Kisha akafika kwenye jambo lake. Akaigonga ile "kafika" kwa chaki. "Mvua imefika. Ndivyo tunavyosema, ngeli yake hiyo. Hapa mshairi kasema kafika, yaani amefika. Amevunja sarufi?"

"Ndiyo, mwalimu!"

"Amekosea?"

Wakasitasita.

"Angeweza kusema imefika, na bado ikawa istiari. Mshairi ana hiari ya kukiacha kitu kibaki na ngeli ya kitu, wewe ukamtafute mtu mwenyewe. Kwa hiyo ukikuta imefika huwezi kuapa kwamba hakuna mtu ndani. Lakini ukikuta amefika..." Akaishusha chaki. Niliinuka ngazini. "Ukikuta amefika, basi yupo. Mdomo umesema mvua, lakini kichwa wakati wote kilikuwa kinamwona mtu. Kiambishi kimoja, herufi moja, inamtoa nje."

Akageuka ubaoni akafuta ubeti ambao wanafunzi walikuwa bado hawajamaliza kuunakili. Wakalalamika. Alipotoka nikampa miwani.

"Umesikia?" akaniuliza verandani.

"Nimesikia."

"Anasema bawaba tu. Jina peke yake. Jina peke yake halinipi kitu. Linaweza kuwa kiatu kingine. Akisema bawaba imekuja, nitabaki palepale nilipo. Lakini akisema amekuja..." Akavaa miwani, akaivua. "Na ni Jumatano."

Basi tangu hapo nikawa mwindaji wa pili. Nilimtegea Fundi maswali mpaka akanichoka. Bawaba anafanya nini? Bawaba kaenda wapi? Nikashtuka kwamba namwekea mimi hicho kiambishi mdomoni, na dada akanifokea kwa haki, kwa sababu akirudia nilichosema haitakuwa yake. Tukajifunza kuuliza kama watu wanaopita juu ya mayai. "Bawaba?" nasema, kisha nanyamaza. Naye ananyamaza. Ananitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa.

Alhamisi alipata maneno mawili pamoja. Dada alikuwa ametoka kumbadilishia shuka, amekaa ukingoni mwa kitanda na rundo la madaftari ya wanafunzi mapajani, kichwa kimeinama. Fundi akanivuta sketi kwa mkono wa kushoto. "Bawaba," akasema, taratibu. "Mafuta."

Mwanga ukanijia! Nikajiona mwerevu kuliko wote. Mlango wa chumba chao ulikuwa unalia kweli, na huyu ni seremala, mlango unaolia lazima umuume kama jino. Nikachukua kichupa changu cha mafuta ya cherehani, nikatia kwenye bawaba za mlango huo, za jikoni, za msalani, mpaka za kabati. Nikaufungua na kuufunga mbele yake. Kimya, laini.

"Haya, Fundi, raha sasa?"

Alipiga ukuta kwa kiganja. Machozi yakamtoka, ya hasira. Akasema "mafuta, mafuta, mafuta," kila moja kwa sauti ya chini kuliko lililopita, akageuza uso. Dada akaweka madaftari chini, akaenda kumfuta.

"Umeona," akaniambia bila kugeuka. "Ni bawaba za mlango. Alikuwa anasema mlango siku zote."

"Kama ni za mlango, mbona amekasirika?"

"Sijui. Na yeye hajui." Akamtengenezea mto. "Labda kaka yake ana haki. Nimekaa nafundisha watoto wa watu kutafuta maana, nimezoea kuitafuta mpaka mahali isipokuwepo. Mtu akipoteza maneno, kila neno lake ukiligeuza ubeti, unajidanganya. Siyo istiari. Ni ugonjwa."

Nilitaka kumwambia nilichokuwa nimekiona, kwamba akisema kiatu kwa kijiko anatikisa kichwa, anajua amekosa, lakini akisema bawaba kichwa hakitikisiki hata kidogo. Nilimwambia. Alisikiliza, akasema asante, na nikaona haijamwingia. Ijumaa usiku nilimsikia akipanga nguo za mumewe kwenye begi. Alizipanga, akazitoa, akazipanga.

Kaka Mkubwa alifika Jumamosi asubuhi amevaa koti, kama mtu anayekuja kuposa. Ni mkubwa wa mwili na sauti yake inajaza chumba hata akisema pole. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Lakini alipomwona ndugu yake kwenye kiti, amevaa shati nililolipunguza kwa sababu alikuwa amekonda, alisimama mlangoni akashindwa kuingia. Akajifanya anafuta viatu.

"Mdogo wangu," akasema hatimaye. "Nimekuja tuondoke."

Fundi akamtazama. "Boriti," akasema.

Kaka Mkubwa akanigeukia. "Amesema nini?"

"Boriti. Ile nguzo ya kulala, inayobeba paa."

"Mnaona sasa!" Akakaa, kiti kikalalamika. "Mimi boriti. Mke bawaba. Wewe nani?"

"Msumeno."

Lilimtoka cheko bila kutaka, kisha akafunika uso kwa mkono. "Jamani. Kaka yake niliyembeba mgongoni. Boriti."

Dada alitoka chumbani na begi. Sikumwona hata siku moja, katika misiba yote tuliyoipitia, akiwa na uso ule. Aliliweka begi sakafuni kati ya wanaume wawili, akaanza kumfunga Fundi vifungo vya shati vilivyokuwa vimeshafungwa. Kifungo kikamponyoka, akajaribu tena, kikamponyoka.

"Dawa za asubuhi ziko mfuko wa mbele," alimwambia Kaka Mkubwa. "Asipewe chai ya moto sana, upande huu hausikii moto. Akisema kiatu anataka kijiko. Akisema mafuta..." Akashindwa. "Akisema mafuta hatujui."

Fundi alimshika kifundo cha mkono, kwa ule wa kushoto. Akakiondoa kwenye kifungo. Akamtazama kaka yake, akafungua mdomo, na shingo ikamtutumka kama mtu anayesukuma kabati zito.

"Bawaba," akasema.

"Tunajua, tunajua," Kaka Mkubwa akasema kwa upole.

"Mwache!" nikamkatiza. Nilimwambia mtu mzima vile, ndiyo, na siyafuti maneno yangu.

Fundi akafumba macho. Nikasikia bomba la jikoni likidondosha maji. Dada alikuwa amesimama, mkono wake umeshikwa, hapumui.

"Bawaba," akasema tena. "A... ame..."

Dada alishika ukingo wa kiti.

"Amechoka."

Fundi akafungua macho, akaona kwamba neno limetoka zima, hakutikisa kichwa. Akakusanya nguvu, akajigonga kifua kwa ngumi. "Mlango." Akajigonga tena, tuelewe ni nani. Kisha akauinua mkono wa dada, akatuonyesha kama ushahidi: vidole vilivyokauka kwa sabuni ya kufulia shuka, kucha zilizovunjika, chaki kwenye mikunjo. "Bawaba amechoka," akasema. "Mlango... mzito. Mafuta. Mafuta!" Na hapo akanitazama mimi, Msumeno, kwa jicho la mtu ambaye amekuwa akiomba jambo moja jepesi wiki nzima, akipewa mkando na milango isiyolia.

Nilikaa sakafuni. Mlango ni mzito, unaning'inia, haujishikilii wenyewe tena, na uzito wote umeangukia kipande kidogo pembeni kinachozunguka kutwa bila kutiwa kitu. Alikuwa anasema hivyo tangu siku ya kwanza. Alikuwa anatuomba tumpumzishe mkewe.

"Amesema amechoka," dada alinong'ona. Alikuwa hamwambii mtu. "Hakusema imechoka."

"Kuna tofauti gani?" Kaka Mkubwa akauliza, akitutazama mmoja mmoja, maana mimi nilikuwa nalia na mwalimu ameanza kucheka huku analia, na hilo halitazamiki vizuri. Dada alijaribu kumweleza habari za ngeli, akakwama katikati, akaniashiria nimweleze mimi. Mimi, ambaye ngeli nilizifeli. Nikamwambia hivi: angekuona wewe ni mbao, angesema boriti imekuja. Akasikiliza, midomo ikijaribu maneno hayo. Boriti imekuja. Boriti amekuja.

Kisha akamwegemea ndugu yake. "Mimi ni boriti ya nini?" akamwuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo.

Fundi alifikiri. Akainua mkono wa kushoto taratibu mpaka juu ya kichwa, akaulaza, kiganja chini, akaushikilia hapo juu yao wote wawili. Kaka Mkubwa akautazama ule mkono mpaka ukashuka wenyewe.

Hakuondoka na mtu. Alivua koti, akalitundika kwenye mlango usiolia, akauliza uji uko wapi. Nilipotaka kumwonyesha namna ya kumlisha akaniambia nirudi kwenye cherehani yangu, yeye alimlisha mtu huyu kabla mimi sijazaliwa. Uliotua kwenye kola ulikuwa mwingi kuliko uliotua mdomoni, na Fundi alivumilia.

Dada alisimama katikati ya chumba hajui mikono aiweke wapi. Fundi akamwonyesha chumbani kwa kidevu.

"Bawaba," akasema.

Alikwenda akalala, mchana kweupe, viatu miguuni, karibu na begi lililokuwa halijafunguliwa. Nilipoingia kumvua viatu nilidhani amelala tayari.

"Msumeno," akaniita, macho yamefumbwa. "Funga mlango pole pole."